Kutoka "bei?" hadi kwenye kiti

Ijumaa, saa tatu usiku. Msusi mmoja wa Sinza, Dar es Salaam, yuko kwenye mistari ya mwisho ya kichwa cha mteja aliyekaa tangu alasiri. Vidole vina mafuta, shingo inauma. Simu iliyoegemezwa kwenye kioo inawaka: namba ngeni, picha ya rasta aliyoiweka yeye mwenyewe Instagram juzi, na chini yake maneno mawili: "Mambo, bei?" Anaiona, ila mikono haina nafasi. Anapomaliza, saa tano kasoro, anafungua na kujibu kwa tarakimu mbili tu: "45". Alama mbili za bluu zinatokea. Baada ya hapo kimya.

Hakuna aliyemkosea adabu mwenzake hapo. Aliyeuliza alikuwa kitandani anapitia picha, akapenda mtindo, akauliza. Pengine aliwauliza wasusi wengine wawili kwa ujumbe uleule. Saa mbili baadaye hamu ile imeshapoa, au kuna aliyewahi. Na jibu lililomfikia halina pa kushika: elfu arobaini na tano kwa nywele zake au za saluni? Saa ngapi za kukaa? Jumamosi kuna nafasi? Ili ajue, inambidi aulize tena mara tatu, naye alikuwa anaulizia tu.

Wasusi, wapambaji wa maharusi, wapiga picha, mafundi wa kucha, wenye vyumba vya kulaza wageni Zanzibar, wote wanaijua hali hii. Sanduku la ujumbe limejaa watu walioulizia, na daftari la miadi lina majina machache. Kati ya sanduku na daftari kuna pengo, na sehemu kubwa ya pengo hilo inaweza kuzibwa na kifaa ambacho tayari kimo ndani ya simu, bila malipo: majibu yaliyohifadhiwa.

Kuwahi kujibu kuna uzito wake, na umewahi kupimwa. Mwaka 2011 jarida la Harvard Business Review lilichapisha uchunguzi wa kampuni 2,241 za Marekani kuhusu kasi ya kuwajibu watu walioulizia huduma kwenye mtandao. Utafiti mwingine uliotajwa kwenye makala hayohayo ulionyesha kwamba kampuni zilizojaribu kumfikia muulizaji ndani ya saa moja zilikuwa na uwezekano wa karibu mara saba zaidi wa kufika kwenye mazungumzo ya maana kuliko zile zilizochelewa hata kwa saa moja zaidi. Kampuni hizo si saluni za Sinza, na idadi ile haiwezi kuhamishwa ilivyo. Lakini tabia ya mtu anayeulizia haina tofauti kubwa: anakuwa moto kwa muda mfupi.

Programu ya WhatsApp Business, iliyotoka Januari 2018 kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo, ina vifaa vitatu ambavyo watu wengi huvichanganya. Cha kwanza ni ujumbe wa kukaribisha, unaoitwa Greeting message. Huu unajituma wenyewe mtu anapoandika kwa mara ya kwanza, au anaporudi baada ya siku 14 za kimya. Cha pili ni ujumbe wa kutokuwepo, Away message, ambao nao unajituma wenyewe, nje ya saa za kazi au kwa ratiba utakayoiweka. Cha tatu ndicho kiini cha makala haya: Quick replies, majibu ya haraka. Haya hayajitumi. Mwenye simu anaandika alama ya mkwaju na neno fupi alilolichagua, tuseme `/bei`, na jibu zima linajitokeza kwenye kisanduku cha kuandikia. Analisoma, analirekebisha akitaka, kisha anatuma.

Tofauti hiyo ya kujituma na kutumwa ndiyo inayoamua kipi kifanye kazi gani. Ujumbe unaojituma hauna macho. Haujui kama aliyeandika ni mteja, fundi umeme au shangazi. Ndiyo maana kwenye mipangilio ya ujumbe wa kukaribisha kuna sehemu ya kuchagua wapokeaji, na chaguo la busara kwa saluni ndogo ni Everyone not in address book, yaani wote ambao namba zao hazijahifadhiwa. Bila hivyo, mama mzazi akituma salamu baada ya wiki mbili atakaribishwa saluni kama mgeni. Jambo jingine linalowapata wengi bila kujua: ujumbe wa kutokuwepo unahitaji simu iwe na mtandao. Kifurushi kikiisha usiku, haujitumi, na msusi analala akiamini wateja wanajibiwa.

Kwa hiyo kazi ya ujumbe unaojituma iwe ndogo: kumwambia mtu kwamba amefika pahali sahihi na lini atajibiwa. "Karibu. Tunasuka saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku, na simu tunaishika kila tukipata upenyo. Tuma picha ya mtindo unaoutaka na siku unayoihitaji, utajibiwa leo." Hapo mteja anakuwa na la kufanya wakati akisubiri, na msusi akishika simu anakuta tayari picha na siku. Ahadi ya "utajibiwa leo" lazima iwe kweli. Kama usiku hajibu mtu, ujumbe wa kutokuwepo useme "kesho kabla ya saa 3 asubuhi".

Kuyatengeneza majibu ya haraka hakuchukui muda. Kwenye simu ya Android unafungua menyu ya vidoti vitatu, unaingia Business tools, kisha Quick replies, unaongeza jibu, unalipa neno lake fupi, unahifadhi. Programu inaruhusu majibu 50. Msusi hahitaji 50. Akiwa nayo mengi atasahau maneno yake mafupi, atarudi kuandika kwa mkono. Matano au sita yanatosha, mradi kila moja limekaa mahali ambapo mazungumzo huwa yanakatikia.

Na mahali pa kwanza ambapo hukatikia ni kwenye bei.

Jibu la bei likiwa tarakimu peke yake linafunga mlango. Likiwa karatasi nzima ya bei za mitindo thelathini linafunga mlango vilevile, kwa sababu mtu ameuliza mtindo mmoja akapewa orodha ya kusoma. Jibu zuri la bei lina sehemu nne fupi: kiasi, kilichomo ndani ya kiasi hicho, muda, na swali moja mwishoni. Kwa msusi wetu linaweza kuwa hivi, chini ya neno `/bei`:

"Rasta za kati hadi kiunoni ni Sh 45,000. Nywele za kusukia zimo humo, na kuoshwa kabla ya kusuka pia. Unakaa kama saa 5. Unazihitaji kwa siku gani?"

Ukiliangalia kwa makini, swali la mwisho ndilo linalobeba kazi yote. Halimwulizi mteja kama amekubali bei. Halimwombi alipe. Linamwuliza kitu anachokijua tayari na anachoweza kukijibu kwa neno moja: "Jumamosi." Akishasema Jumamosi, haulizii tena. Anapanga. Msusi anayeandika "karibu sana" mwishoni mwa jibu la bei amefanya ukarimu mzuri, lakini amemwachia mteja kazi ya kuanzisha sentensi inayofuata, na watu wengi hawaianzishi.

Inafaa kusemwa pia kwamba ile desturi ya kuandika "bei inbox" chini ya picha inawachosha watu. Mwenye biashara anatumaini kuwavuta kwenye mazungumzo. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba wanaoingia wanakuja na swali moja tu, wanalipata jibu, wanaondoka. Ikiwa bei ya kuanzia imeandikwa kwenye picha, wanaoingia ni wale ambao bei haijawashinda, na mazungumzo yanaanzia kwenye siku.

Kabla ya kuendelea, kuna jambo ambalo maelekezo ya programu hizi, yaliyotungwa kwa lugha nyingine, hayaligusi. Kwa Kiswahili salamu haihifadhiki. Mtu akianza na "Mambo", anajibiwa "Poa". Akianza na "Asalaam aleykum", anangoja "Waaleykum salaam". Binti mdogo akiandika "Shikamoo dada", anategemea "Marahaba". Jibu lililohifadhiwa likianza na "Habari mpendwa mteja" kwa watu wote hawa, kila mmoja anahisi papo hapo kwamba salamu yake haikusomwa. Hata "karibu dada" ni hatari, maana anayeuliza anaweza kuwa kaka anayemtafutia mchumba wake msusi, na jina la wasifu haliwezi kukuhakikishia.

Dawa yake ni rahisi. Majibu yaliyohifadhiwa yaanze moja kwa moja na jambo, bila salamu. Msusi anaandika salamu kwa mkono, neno moja au mawili, anaituma, ndipo anaandika `/bei`. Kazi hiyo ya sekunde tatu inabadilisha sura ya mazungumzo yote, kwa sababu mteja ameona kwamba kuna mtu upande wa pili. Jibu refu linalofuata analipokea kama maelezo aliyoandaliwa. Asingeipata salamu yake kwanza, maneno yaleyale yangemfika kama tangazo.

Turudi kwa mteja wetu aliyejibu "Jumamosi". Kosa la kawaida hapa ni kumwuliza "saa ngapi?" Swali hilo linamfungulia siku nzima, atachagua saa nne asubuhi ambayo imeshachukuliwa, na msusi atalazimika kukataa. Kumkatalia mtu aliyeanza tu kukubali ni kumrudisha nyuma. Neno fupi la pili, `/nafasi`, liwe na nafasi mbili, na nafasi hizo ziwe za kweli kutoka kwenye daftari:

"Siku hiyo zimebaki nafasi mbili: saa 2 asubuhi na saa 8 mchana. Ipi inakufaa?"

Hapa msusi lazima aguse maandishi kabla ya kutuma, kwa sababu saa zinabadilika kila siku. Ndipo ajali za majibu ya haraka zinapotokea. Wengine huacha pengo ndani ya jibu kwa kuweka nukta nukta au herufi XX, wakitarajia kulijaza. Siku ya kazi nyingi wanasahau, na mteja anapokea "zimebaki nafasi mbili: saa XX na saa XX". Njia salama ni kuliacha pengo mwanzoni kabisa mwa jibu au mwishoni kabisa, pale jicho linapotua. Jibu hilohilo linaweza kuhifadhiwa kama "Ipi inakufaa kati ya hizi zilizobaki:" na msusi akamalizia kwa mkono. Akisahau, sentensi yenyewe inaonekana haijaisha kabla hajabonyeza kutuma.

Na kuhusu saa, neno moja kwa wanaohudumia watu wa kila namna. Saa ya Kiswahili inahesabiwa kutoka macheo, na simu inahesabu kutoka usiku wa manane. Mteja akiandika "10" bila zaidi, Mswahili anaweza kumaanisha saa kumi jioni, na aliyezoea saa ya simu akamaanisha saa nne asubuhi. Kiti kimoja, watu wawili, ugomvi. Kwa hiyo kila jibu lenye saa liandike na wakati wake: asubuhi, mchana, jioni. Kwa mgeni au ndugu anayerudi kutoka Ulaya kwa ajili ya harusi, ongeza saa ya simu pembeni: "saa 8 mchana, yaani 14:00".

Mteja amechagua saa 2 asubuhi. Sasa inakuja hatua ambayo wengi wanaiogopa: advansi. Bila kutanguliza chochote, miadi ya Jumamosi ni maneno tu, na mteja asipokuja, msusi amepoteza saa tano ambazo angeweza kumpa mwingine. Lakini kuomba hela kwa ujumbe nchini Tanzania kuna kikwazo cha pekee. Watu wamechoshwa na matapeli wanaotuma ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii". Jibu lililohifadhiwa lenye namba ya simu na neno "tuma" linafanana mno na ujumbe huo. Msusi mwaminifu anaandika vizuri, na mteja anaingiwa na hofu.

Kinachomtuliza mteja ni jina. Unapolipa kwa simu, mtandao unaonyesha jina la mpokeaji kabla hujaweka namba ya siri. Ukimwambia mapema jina gani litatokea, unampa njia ya kukuhakiki mwenyewe. Ndiyo maana Lipa Namba yenye jina la biashara inasaidia zaidi ya namba binafsi iliyosajiliwa kwa jina la mume au la mdogo wa msusi. Jibu la `/lipa` basi linakuwa hivi:

"Kiti tunakishikilia kwa advansi ya Sh 10,000. Iliyobaki, Sh 35,000, unalipa ukishasukwa na kuridhika. Ukiahirisha siku moja kabla, advansi inahamia siku nyingine. Ukiahirisha siku yenyewe, hairudi. Nakuwekea nafasi hii hadi saa 12 jioni leo. Lipa Namba yetu na jina litakalotokea ni hivi:"

Baada ya nukta pacha zinafuata namba na jina, vikiwa mstari wa peke yake ili mteja avinakili bila kukosea. Sharti la kuahirisha limewekwa kabla ya malipo. Mteja akiambiwa sharti baada ya kulipa anahisi ametegwa, hata kama sharti lenyewe ni la haki. Na muda wa kushikilia nafasi, saa 12 jioni, uwe wa kweli. Ukipita bila malipo, nafasi iachiwe. Msusi anayetishia muda na kisha hafanyi kitu anawafundisha wateja kwamba maneno yake hayana uzito.

Tapeli yuko upande wa wateja pia. Picha ya skrini inayoonyesha "umelipa" hutengenezwa kwa dakika mbili. Kinachothibitisha malipo ni ujumbe wa mtandao kwenye simu ya mpokeaji au salio lenyewe. Msusi asitume uthibitisho kwa kuangalia picha aliyotumiwa. Akishaiona hela, ndipo anaandika `/tayari`:

"Advansi imeingia, asante. Shuka kituo cha Sinza Mori, ukifika nipigie nikuelekeze. Njoo na nywele zimefumuliwa. Miadi yako:" na hapo anamalizia siku, tarehe na saa.

Maelekezo ya kituo yana faida kuliko ramani peke yake, kwa kuwa mteja wa daladala anataka jina la kituo, na wa bodaboda anataka jina la mtaa. Na neno "njoo na nywele zimefumuliwa" linaokoa saa nzima ambayo wasusi wengi huipoteza Jumamosi asubuhi, wakifumua rasta za zamani ambazo hazikuwemo kwenye hesabu ya muda. Yapo mambo ya namna hii katika kila kazi. Mpambaji atasema "usipake chochote usoni asubuhi hiyo". Fundi wa kucha atauliza kama kuna kucha za bandia za kutoa.

Si wote watafika huko. Kuna atakayepokea `/nafasi` kisha akanyamaza. Hapa ndipo wasusi wengi hukata tamaa, au hufanya kinyume chake, wakamwandama mtu kwa ujumbe wa kila siku. Ukumbusho mmoja unatosha, siku inayofuata, na wenye njia rahisi ya kukataa: "Ile nafasi ya saa 2 asubuhi bado haijachukuliwa. Nikuandikie au niiachie?" Mtu akijibu "iachie, nitakuambia mwezi ujao", hiyo ni habari njema. Ameeleza mwezi. Asipojibu, basi. Kumtumia mtu matangazo ambayo hakuyaomba kunaweza kumfanya akuzuie au akuripoti, na namba inayoripotiwa mara nyingi huwekewa mipaka na WhatsApp. Tanzania pia ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na namba ya mteja na picha ya kichwa chake ni taarifa zake. Kuiweka picha hiyo mtandaoni kunahitaji ruhusa yake, ambayo inaombeka kwa sentensi moja.

Wengi wa waulizaji hawa wanaanzia Instagram, na huko mambo yana tofauti kidogo. Majibu yaliyohifadhiwa, Saved replies, yanapatikana kwa akaunti za kitaalamu pekee, ya biashara au ya mbunifu. Akaunti ya kawaida haina, lakini kuibadilisha ni bure, kwenye mipangilio. Yanafanya kazi kwa namna ileile: neno fupi na jibu lake. Kuna pia uwezo wa kuweka maswali hadi manne yanayomtokea mtu anapofungua mazungumzo kwa mara ya kwanza, akagusa badala ya kuandika. Swali la kwanza liwe la nafasi, la bei lifuate.

Tatizo kubwa la Instagram ni kwamba ujumbe wa mtu usiyemfuata huingia kwenye kapu la maombi, na kapu hilo halipigi kelele. Msusi anaweza kuwa na wateja wanane humo bila kujua. Kulifungua asubuhi na jioni ni sehemu ya kazi, kama kufagia. Njia nyingine ni kuwahamishia waulizaji WhatsApp kwa kiungo kwenye wasifu, ambacho kinafungua mazungumzo yakiwa na sentensi tayari:

```
https://wa.me/255XXXXXXXXX?text=Naulizia%20nafasi%20ya%20rasta
```

Namba inaanza na 255, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mwanzo. Ukiibakiza sifuri hiyo, kiungo kinagoma, na hilo ndilo kosa la kwanza la kuangalia mtu akikuambia "kiungo chako hakifunguki". Alama ya %20 ni nafasi kati ya maneno. Sentensi yenyewe imechaguliwa kwa makusudi: mtu anayetuma "Naulizia nafasi ya rasta" ameshatamka neno nafasi kabla hata hujamjibu.

Msusi atajuaje kama haya yanafanya kazi? WhatsApp Business ina lebo za rangi, zinazobandikwa juu ya kila mazungumzo, na zinaruhusiwa hadi 20. Nne zinatosha: Kauliza, Kapewa nafasi, Kalipa, Kaja. Kila mazungumzo yanahamishwa lebo yanaposogea. Jumapili jioni anahesabu. Tuseme wiki hiyo waliuliza 40, kati yao 22 walifika kwenye nafasi, 6 wakalipa, 6 wakaja. Hesabu hiyo inasema wazi pengo liko wapi. Jibu la bei linafanya kazi, kwa kuwa zaidi ya nusu walitaja siku. Wanaolipa wanakuja. Watu 16 wamepotelea kwenye `/lipa`. Hapo arekebishe kitu kimoja tu, labda namba binafsi aibadilishe kwa Lipa Namba, au advansi aishushe kutoka 10,000 hadi 5,000, kisha ahesabu tena baada ya wiki mbili. Akibadilisha majibu yote kwa pamoja hatajua lipi lililosaidia.

Wiki nyingine hesabu inaweza kuonyesha 40 waliouliza na 5 tu waliotaja siku. Hapo tatizo liko mbele kabisa: amechelewa kujibu, bei haiendani na picha, au picha yenyewe si ya kazi yake na wateja wameanza kugundua. Hakuna jibu lililohifadhiwa linaloweza kutibu picha iliyonakiliwa kwa msusi mwingine.

Kuna mipaka mingine ya namna hiyo. Kama Jumamosi zote zimejaa hadi mwisho wa mwezi, majibu ya haraka yataleta kelele tu, na kinachohitajika ni kiti cha pili au bei ya juu zaidi siku hiyo. Na yapo maswali ambayo hayapaswi kujibiwa kwa mkwaju kamwe. Mteja anayesema ngozi ya kichwa inamwasha tangu asukwe wiki iliyopita, au nywele za mbele zinakatika, anahitaji mtu amsome, ampigie, amwambie aje zifumuliwe. Akipokea "Rasta za kati hadi kiunoni ni Sh 45,000", hatarudi, na atawasimulia wenzake.

Kosa linalogharimu zaidi, hata hivyo, ni la kimya. Bei ya nywele za kusukia ikipanda dukani, msusi anaanza kuwatajia wateja wa ana kwa ana elfu hamsini, huku `/bei` ikiendelea kusema 45,000. Mteja anakaa kwenye kiti saa 2 asubuhi akiwa na ujumbe mkononi, na ujumbe huo ni maandishi ya msusi mwenyewe. Mteja huyo asukwe kwa 45,000 aliyoandikiwa, na `/bei` ibadilishwe siku hiyohiyo, kabla simu haijawaka tena.